Mwongozo kamili wa kukagua ruzuku ya shule ya msingi: kiwango, idadi ya wanafunzi na fedha iliyotumwa

Wengi wanaokwama kwenye kazi hii hukwama kwa njia mbili. Kundi la kwanza huchukua ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, wakazidisha na idadi ya wanafunzi iliyoandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, kisha wakapiga kelele kwamba karibu nusu ya fedha imeliwa. Kundi la pili hufanya kinyume chake: hujumlisha fedha za kata nzima, wakiona jumla inakubali wanafunga faili. Wa kwanza anatuhumu watu bure, na wa pili anaziacha shule zenye matatizo zipite bila kuonekana.

Mwongozo huu ni wa shule za msingi za serikali, na mfano wake ni kata moja ya Dar es Salaam yenye shule tano. Nimezipa herufi badala ya majina na takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya mafunzo, ila makosa yaliyomo ni yaleyale yanayokutwa Temeke, Ubungo, Kinondoni, Kigamboni na Jiji.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze hesabu kabla ya kupata hivi vyote. Kimoja kikikosekana utaanza kubahatisha, na hoja iliyojengwa juu ya kubahatisha hujibiwa kwa sentensi moja.

- Waraka au barua inayotaja kiwango kwa mwanafunzi kwa mwaka unaoukagua.
- Idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, wavulana na wasichana, ikiwa na tarehe na sahihi ya mwalimu mkuu na afisa elimu kata.
- Orodha ya mgao inayoonyesha kiasi kilichotumwa kwa kila shule kwa mwezi husika.
- Taarifa ya benki ya kila shule.
- Kitabu cha fedha cha shule, au taarifa iliyochapishwa kutoka FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule.
- Kumbukumbu za uhamisho wa wanafunzi kutoka PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi.

Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya shule, taarifa ya benki na kitabu cha fedha unavipata kupitia kikao cha kamati. Orodha ya mgao iko halmashauri, kwa hiyo mwombe afisa elimu kata aifuate. Ukienda mwenyewe dirishani bila barua utazungushwa.

## Hatua ya 1: Thibitisha kiwango kinachofika shuleni

Kiwango kinachojulikana na wengi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Hiyo ni kweli, lakini 4,000 kati yake ni ya vitabu na haiingii kwenye akaunti ya shule. Kinachotumwa shuleni ni 6,000 kwa mwaka, yaani shilingi 500 kwa mwanafunzi kwa mwezi.

Hapa ndipo kelele nyingi zinapozaliwa. Ukizidisha kwa 10,000 utapata upungufu wa asilimia 40 katika kila shule ya nchi hii. Ukiona upungufu unaofanana kila mahali kwa asilimia hiyohiyo, rudi kwenye kiwango chako kabla hujafungua mdomo.

Soma barua ya mwaka husika mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Angalia pia kama darasa la awali limehesabiwa na kama wanafunzi wenye mahitaji maalumu wana mstari wao wa pekee. Usichanganye mstari huo na ruzuku ya kawaida.

*Utajua umemaliza hatua hii pale* utakapoweza kuandika sentensi moja juu ya karatasi yako: "Kiwango ni shilingi 500 kwa mwezi, kwa wanafunzi wa madarasa haya, kwa mujibu wa barua ya tarehe fulani."

## Hatua ya 2: Ifunge idadi kwenye tarehe

Shule haina idadi moja ya wanafunzi. Ina idadi ya Machi, idadi ya Agosti na idadi ya leo asubuhi. Dar es Salaam watu huhama na kodi ya nyumba: familia inatoka Manzese kwenda Chanika katikati ya muhula, na mtoto anabaki kwenye daftari la shule ya zamani kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo swali la "mna wanafunzi wangapi?" halitoshi. Uliza: "Idadi iliyotumika kupanga mgao wa mwezi huu ilichukuliwa tarehe ngapi, na kutoka mfumo upi?" Kwa kawaida mgao hupangwa kwa takwimu zilizopelekwa juu kupitia mfumo, si kwa mahudhurio ya darasani. Mwalimu anaweza kuwa na watoto 1,300 mbele yake huku mgao ukimhesabia 1,250, na pasiwe na aliyeiba hata senti.

Andika tarehe juu ya kila safu ya idadi. Safu isiyo na tarehe iweke pembeni, hata kama imepigwa muhuri.

## Hatua ya 3: Panga shule kwa namba, si kwa jina

Majina hudanganya. Uhuru Mchanganyiko na Uhuru Wasichana ni shule mbili tofauti, lakini mwandishi mwenye haraka huandika "Uhuru" tu. Tumia namba ya shule ya Baraza la Mitihani, ile inayoanza na PS, kuunganisha orodha ya idadi na orodha ya mgao.

Hesabu mistari pia. Orodha ya idadi ikiwa na shule tano na ya mgao ikiwa na nne, umeshapata hoja yako ya kwanza kabla ya kuzidisha chochote.

## Hatua ya 4: Zidisha kwenda, gawanya kurudi

Kuzidisha kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kugawanya, nacho ndicho kinachokuonyesha mtumaji alitumia idadi gani. Fedha iliyotumwa ukiigawanya kwa kiwango, unapata wanafunzi waliohesabiwa. Ukiigawanya kwa idadi yako, unapata kiwango kilichotumika.

Kwenye Excel weka safu hivi: A namba ya shule, B jina, C idadi, D kiwango cha mwezi, E inayotarajiwa, F iliyotumwa. Kisha:

```
E2: =C2*D2
G2: =F2-E2
H2: =F2/D2
I2: =F2/C2
```

G ni tofauti, H ni idadi aliyoitumia mtumaji, na I ni kiwango kilichofika kwa kila mwanafunzi uliye naye wewe. Usizungushe desimali za safu ya I kwa sasa, kwa sababu zina habari.

Hii hapa kata yetu ya mfano, mwezi wa Oktoba, kwa kiwango cha 500:

| Shule | Idadi ya kata | Inayotarajiwa | Iliyotumwa | Tofauti | Idadi ya mtumaji |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 1,287 | 643,500 | 639,000 | −4,500 | 1,278 |
| B | 1,540 | 770,000 | 1,205,000 | +435,000 | 2,410 |
| C | 964 | 482,000 | 486,500 | +4,500 | 973 |
| D | 1,530 | 765,000 | 765,000 | 0 | 1,530 |
| E | 870 | 435,000 | 0 | −435,000 | 0 |
| Jumla | 6,191 | 3,095,500 | 3,095,500 | 0 | 6,191 |

Itazame jumla. Inakubali hadi shilingi ya mwisho, na ni shule moja tu kati ya tano iliyo sawa. Ndiyo maana mstari wa jumla uutazame mwisho, wala usiuamini ukiwa peke yake.

## Hatua ya 5: Isome tofauti kabla ya kuuliza mtu

Anza na kubwa. Shule B imezidishiwa 435,000 na shule E imekosa 435,000. Kiasi kikiwa kilekile chenye alama tofauti kwenye shule mbili, tafuta uhusiano wa shule hizo. Gawanya kwa 500 unapata 870, ambayo ndiyo idadi kamili ya wanafunzi wa E. Shule E ni mpya, imekatwa kutoka B kwa sababu ya msongamano, na pengine zinatumia uwanja mmoja. Watoto wamegawanywa, walimu wamegawanywa, lakini kwenye orodha ya mgao B bado ina watoto 2,410 kama zamani.

Hili hutokea sana mjini, na chanzo mara nyingi ni karatasi: shule mpya haijapata namba, au namba imepatikana lakini akaunti ya benki haijafunguliwa au haijaingizwa kwenye mfumo wa malipo. Kwa mwalimu mkuu wa E hakuna chaki. Kwa mwalimu mkuu wa B kuna fedha ambayo akiitumia yote, baadaye atatakiwa kueleza.

Onyo: B isimpe E fedha taslimu "kwa kusaidiana". Nia ni njema, lakini kwenye vitabu vya B itaonekana fedha imetoka bila matumizi, na kwenye vya E haitaonekana kabisa. Kamati zote mbili zikae, ziandike muhtasari, kisha maombi yapite kwa afisa elimu kata hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye afisa masuuli.

Sasa ndogo, ambayo ni ya hila zaidi. Shule A imepungukiwa 4,500, yaani wanafunzi tisa. Mhasibu yeyote mzoefu akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa hushuku tarakimu zimepinduliwa wakati wa kuchapa, na hapa 1,287 na 1,278 zinakaa vizuri kabisa kwenye shaka hiyo. Ungeweza kuandika "kosa la uchapaji" ukaendelea.

Lakini shule C imezidi wanafunzi tisa hao hao, na 964 ukiipindua vyovyote haiwi 973. Kosa la kuchapa haliwezi kutokea A likajirekebisha lenyewe C. Fungua kumbukumbu za uhamisho: wanafunzi tisa walihama kutoka A kwenda C mwezi wa Septemba, na uhamisho wao ulikamilishwa kwenye mfumo. Orodha ya mtumaji ndiyo mpya. Iliyopitwa na wakati ni ya kata, hiyo uliyokuwa unaitumia kama kipimo.

Kwa hiyo kwenye A na C hakuna wa kudaiwa. Unachosahihisha ni safu yako ya idadi: A iwe 1,278 na C iwe 973, na tarehe mpya iandikwe juu.

Kama tofauti haigawanyiki kwa 500, usilazimishe. Itazame safu ya I, kiwango kilichofika. Tuseme shule C, kwa idadi iliyosahihishwa ya 973, ingepokea 437,850 na shule A, kwa idadi iliyosahihishwa ya 1,278, ingepokea 575,100. Zote mbili zinatoa 450 kwa mwanafunzi. Kiwango kikishuka sawasawa kwa shule zote, tatizo liko juu: fedha iliyotolewa ilikuwa pungufu na ikagawanywa kwa uwiano. Hoja hiyo haiwahusu walimu wakuu hata kidogo. Kiwango kikiyumba, huku 450, kule 512, pengine 388, basi tatizo liko kwenye idadi, shule moja moja.

Kama tofauti ni sawa na mwezi mzima, angalia tarehe. Malipo ya Oktoba yakiingia Novemba, Oktoba itaonekana haina kitu na Novemba itakuwa na mara mbili.

## Hatua ya 6: Shuka hadi benki na kitabu cha fedha

"Iliyotumwa" na "iliyopokelewa" ni safu mbili tofauti. Ongeza safu ya fedha iliyoonekana kwenye taarifa ya benki, na nyingine ya iliyoandikwa kwenye kitabu cha fedha.

Tuichukue shule D, ile iliyokuwa sawa kwenye jedwali. Orodha ya mgao inasema 765,000, benki inasema 765,000, ila kitabu cha fedha kina 965,000. Zimezidi 200,000. Ukigawanya kwa 500 unapata 400, namba kamili, na mkaguzi mwenye pupa ataandika kwamba shule ina wanafunzi hewa 400. Tulia. Shilingi 200,000 ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu kwa mwezi. Kwenye benki iliingia kama mstari wake, na mtunza fedha akaziunganisha mbili kitabuni kuwa ingizo moja.

Hapa hakuna fedha iliyopotea, lakini kitabu kinapotosha, maana taarifa ya matumizi ya ruzuku itaonyesha mapato ambayo si ya ruzuku. Ingizo litenganishwe na sahihisho liwekewe sahihi. Kufuta kwa wino mweupe ni kujitafutia hoja nyingine.

Shule inayopokea fedha za aina nyingi kwenye akaunti moja itakusumbua zaidi kuliko zote. Kwa hiyo kila mstari wa benki uandikie pembeni jina lake: ruzuku, posho, michango ya wazazi, mradi wa ujenzi. Usio na jina uache na alama ya kuuliza hadi upate hati ya malipo.

*Umefaulu hapa* ikiwa kila shilingi ya ruzuku kwenye mgao ina mstari mmoja benki na ingizo moja kitabuni, kwa kiasi kilekile.

## Hatua ya 7: Ukikagua mwaka mzima, kata mwaka Januari

Wanaofanya vizuri hatua zote za mwezi huanguka hapa. Mwaka wa fedha unaanza Julai na kuisha Juni. Mwaka wa shule unaanza Januari. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja wa fedha kuna vikundi viwili vya wanafunzi: darasa la saba waliofanya mtihani Septemba na kuondoka, na darasa la kwanza walioingia Januari.

Tuendelee na shule A, na ili mfano uwe mwepesi tuchukulie mgao ulitumia 1,278 miezi yote ya Julai hadi Desemba. Wamehitimu 160 na wameandikishwa 214, kwa hiyo Januari shule ina 1,332.

- Julai hadi Desemba: 1,278 × 500 × 6 = 3,834,000
- Januari hadi Juni: 1,332 × 500 × 6 = 3,996,000
- Mwaka wa fedha: 7,830,000

Anayechukua 1,278 na kuizidisha kwa 6,000 anapata 7,668,000, kisha anashangaa shule imepata 162,000 "za ziada" zimetoka wapi. Anayechukua 1,332 anapata 7,992,000 na kudai shule imepunjwa 162,000. Wote wawili wana takwimu sahihi na jibu lisilo sahihi.

Kuna jambo moja zaidi. Idadi mpya haianzi kutumika Januari kwa sababu tu watoto wameingia Januari. Inaanza kutumika pale takwimu mpya zilipopokelewa na kuingizwa kwenye mgao. Usibishane na mtu kuhusu mwezi huo, usome benki: malipo ya shule A yakiendelea kuwa 639,000 hadi Machi na kuwa 666,000 Aprili, idadi ilibadilishwa Aprili. Tofauti ya Januari hadi Machi ni 27,000 kwa mwezi, jumla 81,000. Hiyo ndiyo hoja halali ya kuulizia, kwa sababu ina kiasi, ina miezi na ina chanzo.

## Hatua ya 8: Andika hoja inayojibika

Barua inayosema "tunaomba maelezo kuhusu upungufu wa ruzuku" itajibiwa "suala lako linafanyiwa kazi". Andika shule kwa shule, kila moja aya moja, yenye namba ya shule, mwezi, idadi na tarehe yake, inayotarajiwa, iliyopokelewa, tofauti, na chanzo unachokishuku. Ambatisha kurasa za benki na za takwimu.

Kwa shule E ingesomeka hivi: "Shule E ilikuwa na wanafunzi 870 mwezi Oktoba, waliotoka shule B. Haikupokea ruzuku. Shule B ilipokea 1,205,000, sawa na wanafunzi 2,410, wakati ina 1,540. Tunaomba kiasi cha 435,000 kihamishiwe shule E na orodha ya mgao irekebishwe kuanzia mwezi ujao."

Zingatia maombi yako mawili: fedha ya mwezi uliopita, na marekebisho ya orodha. Ukiomba la kwanza pekee utarudi na barua hiyohiyo mwezi ujao. Shule A na C hazihitaji barua, zinahitaji orodha ya kata isahihishwe. Shule D inamalizwa hapohapo na mtunza fedha. Kati ya mistari minne iliyoleta shaka kwenye jedwali, ni jozi moja tu, B na E, inayopanda hadi halmashauri.

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi nawe. Mgao wa Novemba ukitoka, gawanya tena kwa 500: E ikionyesha 870 na B 1,540, orodha imerekebishwa. Kisha bado utafute mstari wa 435,000 za Oktoba, maana orodha inaweza kurekebishwa na deni likabaki palepale.